Simu ya Jumamosi

Simu ilikaa pale mezani kama paka aliyeshiba. Nyeusi, nzito, imenyamaza kabisa. Nyakio alikuwa ameitazama tangu asubuhi mpaka akaanza kuichukia, na si kuchukia kwa mchezo. Angekuwa na uhakika kwamba mwenye ofisi hatamfuta kazi, angeing'oa na waya wake aitupe mtoni Sosiani.

Alikuwa amevaa viatu vya kutembea shambani, vile vya mpira. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya kiti, kitambaa kiko kichwani tayari. Nje, kando ya barabara ya Uganda, pale Eldoret mjini, Kabiru aliyekuwa ampeleke shambani alikuwa kwenye pikap yake ametoa kiwiko dirishani, na kila baada ya muda mfupi alipiga honi. Piii. Halafu akinyamaza kidogo, piii tena.

Siku hiyo Jumamosi, mwezi wa kumi na moja mwaka wa sabini na moja, kampuni yao ya kununua shamba ilikuwa inagawa ploti kule Cheptiret. Walikuwa wamechanga miaka sita. Mzungu mwenye shamba alikwisha kwenda zake, karatasi zikapitishwa, mpimaji akapiga vigingi, na sasa kilichobaki ni kila memba kuonyeshwa mahali atakapojenga.

Na mpango wa kugawa ulikuwa hivi. Karatasi zenye namba zinatiwa ndani ya kofia. Unachota kwa mkono wako. Namba uliyopata ndiyo zamu yako ya kuchagua: mwenye moja anachagua kwanza shamba zima likiwa mbele yake, mwenye mbili anafuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Asiyekuwako wakati kofia inapita hachoti. Huyo atachukua kitakachobaki wengine wote wakishachagua. Na hakuna kumtuma mtu. Mwanzoni waliruhusu watu kutuma ndugu, ndugu wakachagua kisha wakasema walijichagulia wenyewe, ikawa ngumi na kesi. Mzee Gichuru, mwenyekiti, akasema basi. Mkono wa memba mwenyewe, ama ungoje mabaki.

Mabaki yalijulikana. Kila mtu alikuwa ameshakwenda kulitembelea lile shamba, wakajionea. Upande wa chini kulikuwa na kijito na udongo mweusi. Katikati palikuwa pazuri pia, tambarare, mahindi yangesimama bila shida. Lakini kule juu karibu na shimo la murram, palipochimbwa changarawe ya barabara, palikuwa na ploti moja ambayo hata ng'ombe walikuwa wakiipita bila kuinama. Mawe. Unachimba kidogo, jembe linalia.

"Hiyo ni ya mvivu atakayelala siku ya kofia," watu walicheka.

Mama yake Nyakio, Waceke, hakucheka. Yule mama alikuwa amelima mashamba ya watu tangu ujana wake, kwanza ya Wazungu, kisha ya waliowarithi. Hakuna mahali alipopanda mti akaruhusiwa kuungoja uzae. Siku waliyokwenda kutembea alichukua udongo wa kule chini akaunusa, akautia katika leso, akarudi nao kwenye chumba chao cha kupanga. Ulikuwa bado uko dirishani ndani ya kikombe.

"Sitaki kijito," alimwambia Nyakio. "Kijito ni bahati. Wewe chota tu. Hata katikati nitashukuru. Mradi si kule kwa mawe."

Sasa kofia ingepita saa tano na nusu, Waceke ameshatangulia Cheptiret, na Nyakio alikuwa mjini, ofisini, akiilinda simu.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya Ephantus Waweru. Kazi yake ilikuwa kuwaangalizia mali Wazungu walioondoka: nyumba za kukodisha, ng'ombe waliobaki, matrekta yasiyouzwa bado. Wenye mali walikuwa wametawanyika duniani. Bwana Thornby alikuwa Uingereza. Bi Alder alikuwa Perth, Australia. Bwana Mackie alikuwa Vancouver, ule upande wa Kanada unaotazama bahari nyingine. Waweru alipata kazi zao kwa maneno matamu, na neno tamu kuliko yote alilichapisha chini ya karatasi zake za barua: kwamba ofisi yake inapatikana saa yoyote.

Saa yoyote! Nani alikuwa saa yoyote? Si Waweru. Saa yoyote ilikuwa na jina, na jina lake ni Nyakio.

Bi Alder akiamka kule Perth na kuanza siku yake, Eldoret bado jogoo hajawika, na aliwahi kupiga simu ya alfajiri akashangaa kwamba hakuna mtu. Bwana Mackie naye ndio kabisa. Mchana wa Eldoret ni usiku kwake, na Jumatatu asubuhi hapa, kule bado ni Jumapili jioni. Ofisi yake ikifunguliwa, ya hapa imefungwa zamani. Mtu kama huyo unakaa naye chini mnatafuta kipenyo kimoja, labda asubuhi ya huku na jioni ya kule, mnakubaliana, kisha kila mtu anaendelea na maisha yake. Nyakio alikuwa amemwambia Waweru hayo mara nyingi.

"Tuwaandikie, Bwana Waweru. Tuwaambie saa zetu. Tuwaambie barua ikifika tutaijibu baada ya siku ngapi."

"Wewe unataka wakimbie?" Waweru alijibu huku akipangusa viatu vyake. "Mteja wa ng'ambo haambiwi saa. Ukimwambia saa, anaenda kwa Mhindi Nairobi."

"Na mimi nitalala saa ngapi?"

"Aa, Nyakio, wewe bado kijana."

Kijana! Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Huyu Thornby ndiye aliyekuwa mteja mkubwa. Mara mbili mwaka huo simu yake ilikuwa imelia ofisini bila mtu, mara moja sikukuu ya Madaraka na mara nyingine baada ya kufunga, na mara ya pili aliandika barua fupi yenye baridi kama jokofu. Waweru alishtuka. Wiki mbili kabla ya ile Jumamosi akaja na habari.

"Thornby atapiga Jumamosi tarehe sita, saa mbili asubuhi kwake. Ni mambo ya kuuza ng'ombe, na nyumba. Utakaa uichukue."

Nyakio alihesabu haraka. Tangu aanze kazi pale, mwaka wa sitini na tisa, Uingereza ilikuwa nyuma kwa masaa mawili, kiangazi na baridi. Saa mbili kwa Thornby ni saa nne kwake.

"Tarehe sita ni siku ya kofia, Bwana Waweru. Wewe si unajua? Wewe pia ni memba."

"Najua. Sasa saa nne na saa tano na nusu zinagombana wapi? Unaongea naye, unapanda gari, unafika kabla hata ya maombi."

"Na ikichelewa?"

"Mzungu hachelewi," Waweru alisema. "Tena sikiliza. Tukimkosa huyu mara ya tatu, anakwenda. Na akienda, sina kazi ya watu wawili hapa."

Alilisema bila kupandisha sauti, akiwa anatafuta kofia yake. Lakini Nyakio alisikia. Mchango wa mwisho wa hisa yake ulikuwa unalipwa Desemba, na ulitoka katika kazi hiyo hiyo. Bila kazi hakuna mchango, na bila mchango hata kofia yenyewe ni ya kutazama kwa mbali.

Basi ndio hapo alipokuwa.

Saa nne ilifika. Simu haikulia. Saa nne na robo, kimya. Nyakio aliinua mkono wa simu kusikiliza kama iko hai. Iko hai. Akaurudisha haraka, asije akaziba njia. Kabiru akapiga honi, kisha akashuka akaja mlangoni.

"Dada, vipi?"

"Bado."

"Mzungu amelala?"

"Nitajua mimi?"

"Kwani mwenye ofisi yuko wapi? Si achukue simu yake?"

Kabiru akajijibu mwenyewe.

"Ndio. Nilimwona asubuhi na mapema ametangulia na Peugeot. Amevaa kofia mpya." Akatema mate kando. "Kumbe yeye ameenda kuchota, wewe amekuweka hapa."

"Ngoja kidogo, Kabiru. Haki ya Mungu, dakika chache."

Alingoja. Kabiru hakuwa mtu mbaya. Lakini ilipokaribia saa tano kasorobo alirudi mlangoni akiwa ameshika funguo, macho yake chini.

"Dada, mimi siwezi tena. Nikikosa kuchota, mke wangu atanila nyama. Nimwambie mama yako nini kule?"

"Mwambie nakuja."

Pikap ilinguruma ikaondoka. Nyakio alisikia hata ilipobadilisha gia kule mwisho wa mtaa. Ndipo akachukua mkono wa simu akamwita Wepukhulu, yule wa posta anayeunganisha simu. Walijuana kwa sauti miaka miwili, uso kwa uso walikuwa wameonana mara chache tu.

"Wepukhulu, simu yangu ya Uingereza iko wapi?"

"Habari ya asubuhi na wewe, mama wa haraka."

"Wepukhulu, leo si siku ya mzaha. Iko wapi?"

Alisikia sauti yake ikibadilika. "Ngoja niulize Nairobi." Kukawa na mikwaruzo, sauti za watu wa mbali, kisha akarudi. "Iko. Nairobi wanayo, imewekwa ya saa tano."

"Saa nne."

"Saa tano, dada. Mwenyewe alisema saa mbili asubuhi kwake. Saa mbili ya kwake sasa ni saa tano yetu. Nairobi wanasema Waingereza wamerudisha saa zao nyuma Jumapili iliyopita. Tangu sitini na nane walikuwa hawazigusi, sasa wamerudia mambo yao ya zamani. Msimu wa baridi watakuwa nyuma yetu kwa masaa matatu, kiangazi mawili."

Nyakio alihesabu upya: simu saa tano, kofia saa tano na nusu.

"Hukuambiwa?" Wepukhulu aliuliza.

"Nani angeniambia?"

"Pole, dada."

"Usinipe pole. Nipe simu. Waambie Nairobi wamwunganishe sasa hivi."

Wepukhulu alijaribu, hilo hawezi kunyimwa. Alirudi baada ya kitambo. Nairobi walikataa: njia ya kwenda London siku hiyo ilikuwa imejaa, kila simu na zamu yake, na ile ya Thornby haingeweza kuvutwa mbele. Nyakio akauliza kama wanaweza kumwachia ujumbe apige Jumatatu. Wepukhulu akasema ujumbe wangeupeleka njia ikifunguka tu, yaani saa ile ile ya simu.

"Kwa hiyo ni kukaa," Nyakio alisema.

"Ama kwenda."

Ama kwenda. Alisimama. Alivaa koti akaenda mpaka mlangoni. Jua lilikuwa linawaka juu ya mabati ya ng'ambo ya barabara, na mwanamke mmoja alikuwa anapita na sukuma wiki katika kikapu, hana haraka. Ilikuwa rahisi sana kufunga mlango ule. Alimfikiria mama yake amekaa kwenye nyasi za Cheptiret, shingo imenyooka kuelekea barabarani. Akafikiria Desemba. Simu ikilia pasipo mtu, Jumatatu hana kazi. Asipokuwa na kazi, hiyo namba atakayochota ataifanyia nini? Ataikunja aitie sikioni?

Alirudi akakaa. Hakuvua koti. Hasira ilikuwa imempanda mpaka anasikia joto la masikio yake mwenyewe.

Saa tano kamili, simu ikalia.

"Habari za asubuhi, Miss Nyakio," sauti ya Thornby ilisema, nyembamba, inakuja na kurudi kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Alikuwa bado anapiga miayo. Walimaliza mambo ya ng'ombe haraka: wauzwe, wale wazee kwanza. Nyumba ibaki kwa mpangaji. Kisha akauliza juu ya piano ya marehemu mama yake, kama mchwa hawajaifikia, na Nyakio akajibu kwamba haijaguswa, huku macho yake yako kwenye saa ya ukutani.

"Samahani kwa kukuharibia Jumamosi," Thornby alisema mwisho. "Hata mimi nimejilazimisha kutoka kitandani. Ingenifaa zaidi katikati ya wiki, wakati wa chakula cha mchana. Lakini nilimwandikia Bwana Waweru nikamwuliza ni saa gani inawafaa ninyi, akajibu kwamba kwenu ni saa yoyote. Basi nikachagua tu."

Nyakio alihisi kama amepigwa kofi na mtu asiyeonekana.

"Aliulizwa?" alisema.

"Naam?"

"Ulimwuliza, na yeye akasema yoyote."

"Ndivyo alivyoandika. Kuna shida?"

"Hapana, bwana. Tutakuandikia juu ya saa."

Aliweka simu chini akafunga mlango wa ofisi. Kumbe yule Mzungu aliyekuwa akimtukana kimoyomoyo tangu asubuhi hakuwa na haja na Jumamosi! Alichagua kama mtu achaguaye ndizi, kwa sababu aliambiwa zote ni sawa. Angeambiwa Jumatano, angesema Jumatano. Kulikuwa na mlango wazi, na Waweru aliufunga kwa tabasamu.

Akapata lifti ya lori la maziwa lililokuwa linaelekea Nakuru. Dereva alijaribu kuongea naye, akaona uso wake, akaacha.

Alipofika Cheptiret kofia ilikuwa imekwishapita. Aliona kwa mbali watu wamesambaa shambani, wawili wawili, kila mmoja na kigingi chake, wengine wameshaanza kupima kwa hatua mahali pa jiko. Kulikuwa na kicheko na nyimbo. Mama yake alikuwa amekaa pale pale karibu na meza, amekunja mikono. Alimtazama binti yake kuanzia viatu mpaka kitambaa, akasogea kidogo kwenye nyasi ili naye akae.

Nyakio hakukaa.

Mzee Gichuru alikuwa anafunga kofia katika mfuko. "Binti yangu," alisema kwa huzuni, "tulikuita jina mara tatu."

"Nilikuwa kazini, Mzee."

"Najua. Mama yako amesema. Lakini kanuni tuliiweka wote, na wewe uliinua mkono."

"Niliinua. Siombi kanuni ivunjwe." Sauti yake ilikuwa inapanda na hakuizuia. "Nataka kuuliza kitu kimoja mbele ya watu. Bwana Waweru alichota namba ngapi?"

Waweru alikuwa anakuja kutoka upande wa kijito, suruali imekunjwa, tope kwenye viatu vyake vilivyong'arishwa. Uso wake ulikuwa umejaa furaha mpaka alipomwona.

"Nyakio! Simu ilikuja?"

"Ilikuja."

"Sawa sawa! Alisema nini?"

"Alisema alikuuliza saa gani inatufaa."

Watu waliokuwa karibu waligeuka.

"Alisema ulimwambia yoyote. Alisema angependa katikati ya wiki. Tena alipiga saa tano, si saa nne, kwa sababu kwao wamerudisha saa nyuma. Ulijua?"

Waweru alijikuna shingo. "Ah, ile saa yao! Ni kweli, zamani ilikuwa inahama. Nilipokuwa karani wa wakala wa mali aliyenitangulia, kila mwaka tulikuwa tunabadilisha. Kisha wakaacha. Nilisoma mahali kwamba watarudia, nikasahau kukuambia. Lakini si ulimpata? Mungu ni mwema."

"Ulisahau."

"Mtu husahau, Nyakio."

"Mbona hukusahau kofia?" Nyakio alisema. "Mbona hukujisahau wewe ukabaki ofisini, mimi nikaja kukanyaga tope la kijito? Namba ngapi, Bwana Waweru?"

"Tatu," mtu mmoja alisema nyuma. Alikuwa Kabiru.

Kukawa na mnong'ono. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Si mbadilishane basi, Ephantus, kama wewe ni mwanaume!" Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Waweru akamtazama Mzee Gichuru kama mtoto anayetafuta mwalimu.

Mzee Gichuru alitikisa kichwa polepole. "Kampuni haiwezi kumlazimisha. Akitaka mwenyewe, hiyo ni hiari yake."

Wote wakamtazama Waweru. Waweru alitazama viatu vyake.

"Mke wangu ameshaona kile kijito," alisema.

Basi. Ndivyo Nyakio na mama yake walivyopanda mpaka kule juu, karibu na shimo la murram, wakasimama mbele ya kigingi cha mwisho. Waceke alipiga ardhi kwa kisigino. Ikalia ngo. Akainama akaokota jiwe, akaligeuza, akaliweka chini tena. Afadhali angelia. Nyakio angejua la kufanya.

Jumatatu Nyakio alifungua ofisi kama kawaida. Hakumsalimu Waweru alipoingia. Alikuwa kwenye taipu, na taipu ilikuwa inalia kama mvua ya mawe. Waweru alizunguka zunguka, akafungua madirisha ambayo yalikuwa wazi, akakohoa.

"Unaandika nini?"

"Barua tatu."

Alizitoa moja moja akazipanga mbele yake.

Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa za Kenya. Jumamosi, Jumapili na sikukuu, zilizotajwa hapo chini, hakuna mtu. Telegramu ikifika kabla ya mchana itajibiwa siku hiyo hiyo, ikifika baadaye, kesho yake. Barua itajibiwa siku mbili baada ya kufika. Jambo linalohitaji mtu kwenda shambani kuangalia litachukua wiki. Kila mteja ana siku yake ya simu. Bi Alder, Jumanne saa tatu asubuhi, kwake ikiwa ni saa nane mchana. Bwana Thornby, Jumatano saa tisa alasiri, kwake saa sita mchana, na kiangazi kikifika itakuwa saa saba kwake, kwa kuwa saa ya Kenya haihami na hiyo ndiyo tutakayoifuata. Bwana Mackie, Ijumaa saa mbili asubuhi, na hapo Nyakio alipiga mstari chini ya maneno: kwako itakuwa bado Alhamisi, saa tatu usiku. Mteja yeyote ambaye siku hiyo haimfai aseme, na tutatafuta nyingine pamoja. Moto, kifo au wizi wa mifugo, telegramu ipelekwe nyumbani kwa Bwana Waweru, saa yoyote.

Waweru alisoma mpaka pale mwisho. "Nyumbani kwangu?"

"Si wewe ndiye saa yoyote?"

"Nyakio, watakimbia hawa."

"Wakikimbia, mimi pia nitakuwa nimekimbia. Weka sahihi, ama chukua hii simu uiweke mapajani ukae nayo. Perth alfajiri, Vancouver usiku, mpaka mke wako aje akutafute kutoka kwenye kijito chake."

Alinyanyua simu nzima, na kitako chake, akaisukuma upande wa pili wa meza mbele ya Waweru. Waya ulinyooka mpaka mwisho.

Waweru aliitazama ile simu. Wateja watatu, pande tatu za dunia, na yeye hata hakumbuki ni yupi aliye mbele na yupi aliye nyuma. Akatoa kalamu. Aliweka sahihi tatu, ya mwisho ikachana karatasi kidogo.

Barua zilikwenda kwa ndege wiki ile, na kabla ya mwisho wa mwezi majibu yote yalikuwa yamefika. Bi Alder alisema ni vizuri, sasa hatahitaji kukisia. Bwana Mackie aliomba Alhamisi asubuhi ya Eldoret badala ya Ijumaa, kwa kuwa Alhamisi jioni yake huwa na mazoezi ya kwaya, wakakubaliana. Thornby aliandika mstari mmoja: Jumatano inanifaa kabisa, asante, mngesema mapema.

Mngesema mapema. Nyakio aliusoma mstari ule amesimama. Kama wangegoma, kama wangetukana, kama hata mmoja angeondoka na ng'ombe zake, labda moyo wake ungetulia kidogo, angesema basi, ilikuwa vita. Lakini haikuwa vita. Ilikuwa karatasi tatu na stempu.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, ofisi ilikuwa imefungwa. Nyakio alikuwa Cheptiret, kule juu, na mtaimbo mikononi. Mama yake alikuwa anakusanya mawe aliyoyang'oa, anayapanga kwenye mpaka. Kutoka pale waliona vizuri kijito chote, na mke wa Waweru amejifunga leso anapanda vitunguu.

"Pumzika basi," Waceke alisema. "Leo hakuna anayekuita."

Nyakio hakupumzika. Aliuingiza mtaimbo chini ya jiwe jingine, kubwa kuliko yote, akaegemea kwa uzito wake wote, meno ameyauma, mpaka akalisikia limetikisika.